Gesi Imeshatoka, Mbona Bado Kinalia?

Mafundi wanaofunga vifaa vya kugundua gesi majumbani hulijua swali hili kwa moyo. Mwenye nyumba anapiga simu, nyuma yake king'ora kinasikika, na anasema kwa hasira: "Fundi, nimefungua madirisha, harufu imekwisha kabisa, mbona kitu chako bado kinapiga kelele?" Wengine hawapigi hata simu. Wanachomoa waya ukutani, kifaa kinatupwa juu ya kabati, na hapo ndipo habari yake inapoishia.

Swali lenyewe ni la haki. Kifaa kazi yake ni kunusa gesi, na sasa gesi haipo, kwa nini kisinyamaze? Sura hii inajibu swali hilo moja. Ukishaelewa kwa nini king'ora kizuri hakinyamazi chenyewe, utaelewa pia kitufe cha kunyamazisha kinapaswa kufanya nini, kwa nini kunahitajika kitufe kingine cha kufuta tukio, na kwa nini meseji ya simu si mbadala wa king'ora.

Kwanza, kifaa kinanusa nini?

Gesi ya mitungi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Zote mbili ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo zikivuja hazipandi darini kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni, na kujikusanya chini ya meza na nyuma ya kabati. Ndiyo maana kihisi cha gesi hii, yaani kile kipande kinachonusa, hufungwa kama sentimita 30 kutoka sakafuni, wakati kihisi cha moshi hufungwa darini. Anayeweka cha gesi ya mtungi juu karibu na taa amefunga pambo.

Gesi haiwaki kwa kiasi chochote tu. Ikiwa kidogo mno hewani, hata ukiwasha kiberiti haishiki. Inaanza kuwa na uwezo wa kulipuka inapofikia takriban asilimia 2 ya hewa. Mpaka huo mafundi huuita kiwango cha chini cha kulipuka. Kifaa hakingoji kufika hapo. Katika sura hii tutatumia kifaa kilichopangwa kulia gesi ikifika sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho, yaani takriban sehemu 2 za gesi katika sehemu 1,000 za hewa. Kuanzia hapa nikisema "asilimia 10" nina maana ya asilimia 10 ya njia ya kuelekea kwenye mlipuko. Asilimia 100 ndipo hewa iliyo mbele ya kihisi inapoweza kulipuka.

Angalia maneno hayo: iliyo mbele ya kihisi. Kifaa kinajua habari za hewa iliyo kwenye pua yake tu. Mita mbili kutoka hapo, chini kabisa karibu na mtungi, kiasi kinaweza kuwa mara kadhaa zaidi. Karibu kila uamuzi tutakaoufanya hapa chini unatokana na udhaifu huo.

Hewa safi si habari njema kila mara

Usomaji wa kihisi ukishuka, kuna sababu kadhaa zinazowezekana. Huenda mtu amefunga mtungi. Huenda mlango umefunguliwa na upepo umeisogeza gesi upande wa pili wa chumba. Huenda mtungi umeisha, na gesi yote iliyotoka imelala chumba cha jirani. Kwa kifaa, mambo hayo yote yanaonekana sawa: namba ilikuwa juu, sasa iko chini.

Kwa hiyo kifaa kinachonyamaza namba inaposhuka kinatoa hukumu ambayo hakiwezi kuitoa. Kinasema "hatari imekwisha" wakati kinachojua ni kwamba hewa ya mbele yake imebadilika. Mtu aliyeshtuka usingizini akasikia king'ora kikilia kwa dakika mbili kisha kikanyamaza, atafanya kile ambacho wengi wangefanya: atageuka upande wa pili alale. Mwingine ataamka kuangalia kuna nini, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kubonyeza swichi ya taa. Swichi ya kawaida hutoa cheche ndogo ndani yake kila inapobonyezwa.

Dawa ya tatizo hilo ni kushikilia tukio. Maana yake ni kwamba kifaa kikishathibitisha gesi mara moja, kinaweka alama ndani ya kumbukumbu yake, na alama hiyo haifutwi na hewa safi. Inafutwa na mtu tu. Ni kama kadi nyekundu: refa haifuti kwa sababu mchezaji ameacha kucheza rafu.

Hapa fundi anayeandika programu ya kifaa hupotea kirahisi, kwa sababu anadhani kifaa kina hali mbili tu, salama na hatari. Kifaa kina mambo matatu yanayokwenda kila moja kwa mwendo wake:

- hewa ikoje sekunde hii;
- je, kuna tukio ambalo bado halijafutwa na mtu;
- je, king'ora kinapaswa kulia sasa.

Kitufe cha kunyamazisha kinagusa jambo la tatu peke yake. Kitufe cha kufuta kinagusa la pili, tena kwa masharti. Jambo la kwanza haliguswi na kitufe chochote. Vifaa vibaya nilivyofungua na kuchungulia ndani, vingi ugonjwa wao ni huo huo: mambo haya matatu yamesongwa katika jambo moja, hivyo ukinyamazisha sauti umefuta na tukio, na ukifuta tukio umekifanya kifaa kiamini hewa ni safi.

Usiku mmoja Tabata

Tuchukue nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam. Jiko ni chumba kidogo chenye dirisha moja, na mlango wake unafungukia koridoni. Mtungi wa kilo 15 umekaa chini ya meza. Mpira wa gesi umezeeka na una mpasuko mwembamba pale unapoingia kwenye reguleta, kile kichwa kinachovikwa juu ya mtungi. Uvujaji si mkubwa wa kusikika ukifoka, lakini unaendelea usiku kucha. Watu wamelala. Harufu ile kali iliyotiwa makusudi kwenye gesi ipo, ila aliyelala hainusi.

Saa 8:14 usiku usomaji unapita asilimia 10. Kifaa hakilii papo hapo. Kinasoma kila sekunde, na kinataka usomaji 5 mfululizo ulio juu ya mpaka kabla ya kuthibitisha. Sekunde tano hizo haziongezi hatari kwa uvujaji uliochukua saa nzima kujenga asilimia 10, lakini zinazuia king'ora kurushwa na mtikisiko mmoja wa umeme kwenye waya. Hazizuii dawa ya mbu ya kupuliza, na hilo lisikushangaze, maana makopo mengi ya kupuliza husukumwa na gesi ya jamii hiyo hiyo ya butani na propani. Ukipulizia karibu na kihisi, hakijakosea. Kimenusa kweli.

Baada ya sekunde tano tukio limeshikiliwa. Taa nyekundu inawaka, king'ora kinaanza, na meseji ya kwanza inatoka.

Mama mwenye nyumba anaamka. Kwa bahati hagusi swichi. Anafungua dirisha la jikoni na mlango wa nje kwa mwanga wa taa iliyokuwa ikiwaka tangu jioni koridoni. Saa 8:16 usomaji umeshuka hadi asilimia 4. Kifaa kisichoshikilia tukio kingenyamaza hapa, naye angefunga dirisha kwa sababu ya mbu na kurudi kulala huku mpira ukiendelea kuvuja.

Kifaa chetu kinaendelea kulia. Watoto wanalia, majirani wameamka, kwa hiyo anabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Sauti inakatika, taa nyekundu inabaki. Kifaa kimempa dakika 5 za utulivu ili atafute chanzo. Anaangalia jiko, vitufe vyote vya plate vimefungwa, anaona hakuna kitu. Dirisha linapigwa na upepo, analirudishia.

Saa 8:21 dakika tano zimekwisha. Kifaa kinaangalia hewa: asilimia 6 na inapanda. King'ora kinarudi kwa sauti kamili. Sasa ndipo mama anajua kwamba gesi inatoka mahali fulani. Anafungua tena dirisha, anainama chini ya meza, harufu inamkaba, anazima reguleta na kuivua kwenye mtungi.

Hewa inasafika polepole. Kufika saa 8:31 usomaji umekuwa chini ya asilimia 5 kwa dakika nzima. Anashikilia kitufe cha kufuta kwa sekunde 3, na kifaa kinakubali. Taa nyekundu inazimika. Angejaribu kufuta saa 8:22, kifaa kingekataa kwa milio miwili mifupi, na tukio lingebaki palepale.

Kwa ufupi: kengele ya kwanza ilimwamsha, lakini ni ile ya saa 8:21 iliyomfikisha kwenye mpira. Isingekuwapo kama kunyamazisha kungekuwa sawa na kufuta.

Kwa nini mpaka wa kupanda si mpaka wa kushuka

Umeona kwamba kifaa kinathibitisha hatari kwenye asilimia 10 lakini kinakubali kufuta chini ya 5 tu. Namba hizo mbili zimetenganishwa kwa makusudi. Usomaji wa kihisi hautulii kama maji ya kisimani. Unayumba, sasa 9.8, sasa 10.1, sasa 9.9. Mpaka ukiwa mmoja, kifaa kitakuwa kinabadili mawazo kila sekunde chache, na kama kila badiliko linatuma meseji, salio la laini litaisha kabla ya gesi. Pengo kati ya 10 na 5 linameza kuyumba huko. Lile sharti la dakika nzima ya hewa safi ni nyongeza ya uzio huo huo.

Pengo likiwa kubwa kupita kiasi, tatizo linahamia upande wa pili. Ukitaka usomaji ushuke hadi asilimia 1 kabla ya kufuta, jiko linalopika kila siku halitafika hapo kwa saa nyingi, na watu watarudia dawa yao ya zamani: kuchomoa waya.

Kitufe cha kunyamazisha kina masharti yake

Kuna mafundi wasiotaka kabisa kitufe hiki. Wanasema usalama hauna kitufe cha kuuzima. Siwaungi mkono. Kelele inayokaribia ile ya honi ya gari ndani ya chumba kidogo inamzuia mtu kufikiri, inamzuia kusikia gesi ikifoka, inamzuia kuzungumza na mtu kwenye simu. Na kifaa kisichonyamazishika hunyamazishwa kwa nyundo.

Ila kitufe kiwe na masharti matatu. La kwanza, kimya kiwe na mwisho. Dakika 5 zinatosha kutafuta chanzo, na hazitoshi kwa mtu kusahau. La pili, hali ikizidi kuwa mbaya, kimya kivunjike hapo hapo. Katika kifaa chetu usomaji ukifika asilimia 20, kimya kinafutika hata kama kimeanza sekunde kumi zilizopita, na kitufe hakifanyi kazi tena mpaka namba ishuke. La tatu, kifaa kijali tendo la kubonyeza, kisijali kitufe kukaa kimebonyezwa. Sababu yake ni ya mtaani: kuna watu watakaokibana kitufe kwa mkanda wa gundi au njiti ya kiberiti ili king'ora kisilie kamwe. Kifaa kinachohesabu kila tendo la kubonyeza kuwa kimya kimoja tu hakihadaiki kwa mkanda.

Dakika tano zikiisha na hewa ni safi, hakuna haja ya kurudisha sauti kamili. Mlio mmoja mfupi kila dakika unatosha kusema "kuna tukio hujalifuta". Lakini kabla mtu hajabonyeza chochote, sauti ibaki kamili hata hewa ikiwa safi, kwa sababu kubonyeza kitufe ndiyo dalili pekee ambayo kifaa kinayo kwamba kuna mtu macho ndani ya nyumba.

Kwa wanaoandika programu zao wenyewe kwenye vibao kama ESP32, kiini cha mantiki hiyo, ukiacha ule mlio mfupi wa kila dakika, ni kifupi hivi:

```cpp
if (imethibitishwa) tukio = true;

if (kimyaKimebonyezwa && tukio && asilimia < 20) {
  kimya = true;
  mwanzoKimya = millis();
}
if (kimya && (asilimia >= 20 ||
    millis() - mwanzoKimya >= 300000UL)) {
  kimya = false;
}
if (futaKimeshikiliwa && sekundeHewaSafi >= 60) {
  tukio = false;
  kimya = false;
}
kingora = tukio && !kimya;
```

Tazama `kimya`. Mtu anaweza kuona haina kazi na kuiondoa, akaandika tu kwamba king'ora kinyamaze ikiwa `millis() - mwanzoKimya` ni chini ya dakika tano. Inaonekana sawasawa, na majaribio ya mezani yatapita. Lakini `mwanzoKimya` huanza ikiwa sifuri, na `millis()`, saa inayohesabu elfu za sekunde tangu kifaa kiwashwe, nayo huanza sifuri. Maana yake kifaa kitakuwa bubu kwa dakika tano za mwanzo kila umeme unaporudi. Tena saa hiyo ikijaa, kama siku 49.7 baadaye, hurudi sifuri, na ububu ule wa dakika tano hujirudia bila mtu kugusa kitufe. Kosa la namna hiyo hutaligundua kwa kubonyeza kitufe mara kumi siku ya kukifunga.

Umeme unapokatika na unaporudi

Vihisi vya bei nafuu vinavyouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, kama MQ-6, hunusa kwa kutumia tabaka la oksidi ya bati linalopashwa moto na waya mdogo ndani yake. Moto huo unataka volti 5 na umeme mwingi kwa kifaa kidogo hivyo, kiasi cha kumaliza betri ya redio kwa muda mfupi. Kihisi kikipoa hakinusi. Kikiwashwa tena, kwa dakika chache za kwanza usomaji wake hupaa juu bila gesi yoyote kuwapo, kisha hushuka taratibu.

Hapo kuna mtego wa pande mbili. Ukiacha kifaa kiamini usomaji mara tu umeme unaporudi, kitalia kila baada ya mgao, na watu watazoea kukipuuza. Ukikiambia kipuuze dakika 3 za kwanza, kinakuwa kipofu kwa dakika tatu, huku uvujaji ukiwa umeweza kuanza gizani. Njia ya kweli ni betri ya akiba inayotosha kukiweka kihisi moto kwa saa kadhaa. Pasipo betri, dakika hizo za kupasha zionyeshwe kwa taa ya njano, ili mtu ajue kwamba mlinzi yuko mlangoni lakini hajafumbua macho.

Na tukio lililoshikiliwa? Lisiishi kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Liandikwe kwenye ile inayobaki, pale tukio linapoanza na pale linapofutwa tu, si kila sekunde, maana kumbukumbu hizo huchakaa kwa kuandikwa. Kifaa kikiwaka na kukuta tukio halijafutwa, kianze kulia bila kungoja kihisi kipate moto. Vinginevyo kuchomoa na kuchomeka kunakuwa ndiyo kitufe cha kufuta, na sharti lote la hewa safi limepigwa chenga.

Kuna hali moja zaidi: waya wa kihisi ukikatika au ukiliwa na panya. Programu ya kizembe husoma sifuri na kusema hewa ni safi kuliko ilivyowahi kuwa. Lakini kihisi cha aina hii hakisomi sifuri kamwe, hata katika hewa nzuri ya asubuhi. Daima kuna usomaji kidogo. Kwa hiyo usomaji ulio chini mno uhesabiwe hitilafu, na hitilafu iwe na sauti yake, mlio mmoja mfupi kila nusu dakika na taa ya njano. Isichanganywe na sauti ya hatari, wala isinyamazishwe kwa kuitwa salama.

Meseji zipeleke badiliko, zisipeleke namba

Turudi kidogo Tabata. Kati ya saa 8:14 na 8:31 kifaa kilisoma hewa zaidi ya mara 1,000. Mtu wa nyumba hiyo aliyesafiri kwenda Dodoma angepokea meseji ngapi? Kwa kifaa kilichopangwa vizuri, nne: tukio limeanza, mtu amenyamazisha, king'ora kimerudi, tukio limefutwa. Kila moja inasema jambo jipya lililotokea. Zaidi ya hapo ni kelele, na kelele kwenye simu ina tabia ile ile ya kelele ukutani: mtu huizima.

Meseji ya pili ndiyo yenye thamani iliyojificha. Anayeisoma Dodoma anajua kwamba kuna mtu yuko macho ndani ya nyumba. Isipofika ndani ya dakika 2, kifaa kipeleke habari kwa namba ya pili, ya jirani au ya mlinzi, na kuendelea kuirudia ile ya kwanza kila baada ya dakika mbili mpaka mtu abonyeze. Maneno ya meseji hiyo ya kwanza yawe ya kutendwa na mtu aliyetoka usingizini:

```
GESI JIKONI. Usiwashe wala kuzima taa.
Fungua milango, funga mtungi, tokeni nje.
Zimamoto: 114
```

Namba 114 ni ya Zimamoto kwa Tanzania. Ikiwa nyumba iko Mombasa au Kampala, weka ya huko.

Kosa kubwa katika sehemu hii halimo kwenye maneno, limo kwenye mpangilio. Kuunganika na mtandao kunaweza kuchukua sekunde moja au kunaweza kuchukua nusu dakika mnara ukiwa umeelemewa. Programu ikiambiwa "tuma meseji, kisha washa king'ora", na mtandao ukawa mbovu usiku huo, king'ora kitangoja mnara. Programu nyingine zinawasha king'ora kwanza, sawa, lakini zinapokuwa zinatuma meseji zinaacha kusoma hewa na kusikiliza vitufe, hivyo mama anabonyeza na hakuna kinachotokea. Sauti, usomaji na vitufe viende bila kujua kama mtandao upo. Meseji zikae kwenye foleni zikijaribu bahati yao pembeni. Na kama modemu ya laini inatumia betri ile ile, ikumbukwe kwamba inapotuma huvuta umeme kwa mshindo wa hadi ampea 2, na betri dhaifu itazimisha kifaa chote katika dakika ambayo kinahitajika kuliko zote. Dalili yake ni kifaa kinachojiwasha upya kila kinapojaribu kutuma.

Kunyamazisha kwa simu kutoka mbali ninakukataa, ingawa wateja hukuomba sana. Aliye Dodoma hanusi. Anaweza kuarifiwa, anaweza kupiga simu, lakini kitufe kiwe pale ambapo mtu atakayekibonyeza yuko na pua yake. Kufuta tukio kwa simu ndiyo usiruhusu kabisa.

Na moshi je?

Mantiki ni ile ile, uamuzi mmoja unabadilika. Kifaa cha moshi cha nyumbani hulia mara nyingi kwa chapati iliyoungua, na moshi unaoonekana darini mwenye nyumba mara nyingi anajua umetoka wapi. Kwa hiyo vifaa vingi vya moshi vya nyumbani hunyamaza vyenyewe hewa ikisafika, na kinachobaki ni taa ndogo inayopepesa kusema kwamba kililia. Katika hoteli au hospitali mambo ni tofauti: kibao kikuu cha kengele za moto hushikilia tukio mpaka mhusika aje, aangalie chumba kilichotajwa, na afute kwa ufunguo au namba ya siri. Kinachoamua ni kama anayesikia anaweza kukiona chanzo. Gesi haionekani, ndiyo maana hata nyumbani naitaka ishikiliwe.

Sauti zenyewe zitofautishwe pia. Ishara ya kimataifa ya kuwatoa watu nje kwa moto ni milio mitatu ya nusu sekunde, kisha kituo kifupi, kisha mitatu tena. Ukiwa na vifaa vyote viwili nyumba moja, usiipe gesi mpigo huo. Kwa moshi unataka watu wakimbie, na kuwasha taa si kosa. Kwa gesi, kuwasha taa ndilo kosa lenyewe.

Kukijaribu kabla ya kukiamini

Chukua kiberiti cha gesi, bonyeza bila kuwasha moto, kisogeze karibu na kihisi kwa sekunde kumi hivi, jiko likiwa limezimwa na hakuna moto popote karibu. King'ora kilie. Ondoa kiberiti, punga hewa, subiri dakika tatu bila kugusa kitu. Kikinyamaza chenyewe, hakishikilii tukio, na umeshajua umenunua nini. Kikiendelea, nyamazisha, kisha sogeza tena kiberiti: kimya kivunjike kabla ya dakika tano. Katikati ya tukio chomoa umeme na uchomeke, kiamke kikilia. Mwisho, mwambie fundi autoe waya wa kihisi, uone kama taa ya njano inawaka au kifaa kinakutabasamia kwa kijani.

Kihisi chenyewe huchoka. Vumbi, mafuta ya kukaangia na mvuke wa silikoni, ile gundi ya kuzibia sinki na vioo, hukipunguzia pua bila kukizima. Andika tarehe ya kufunga kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi, rudia jaribio la kiberiti kila mwezi, na kikianza kuchelewa kulia kuliko kilivyozoea, badilisha kihisi hata kama miaka iliyoandikwa na mtengenezaji haijafika.